Marafiki wawili wakigombana na mmoja akakutaka uwe upande wake

Ugomvi wa watu wawili huwa mzigo wa mtu wa tatu siku mmoja wao anapokuja barazani kwake, akavuta kigoda na kusema: "Wewe habari hii yote unaijua. Hebu sema, nani mwenye makosa?" Wengi wetu hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunaitikia ili mgeni aondoke na moyo mwepesi, ama tunajifanya hatujui chochote. Yote mawili huleta matatizo baadaye. Katika makala haya tunaeleza njia nyingine, ya kukataa kushika upande bila kumtupa rafiki na bila kuuficha ukweli unaoujua.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mfano tulioutunga sisi, lakini yeyote anayelima bustani ya kumwagilia atauona kama wa jirani yake.

Pampu iliyonoki

Watu watatu wanalima vitunguu kando ya mto mmoja. Wa kwanza ndiye mkubwa kwa umri, na wenzake humwita kaka. Ana pampu ya petroli ya kuvuta maji. Wa pili ana nusu ekari ya vitunguu lakini pampu hana. Wa tatu ni wewe. Jumatatu asubuhi yule wa pili alikwenda kwa kaka kuazima pampu, nawe ukafuatana naye kumsaidia kuibeba pamoja na mipira yake. Kodi haikuwepo. Makubaliano yalikuwa aweke petroli yake mwenyewe na airudishe Alhamisi.

Jumatano mchana injini ikanoki. Fundi akaifungua, akasema oili ilikuwa imekwisha, pistoni na ringi zimekwanguka, na matengenezo yote ni shilingi 180,000.

Kaka anasema alimwambia mwazimaji aangalie oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mwazimaji anasema habari ya oili haikutajwa kabisa, na kwamba pampu aliyopewa ilikuwa na oili pungufu tangu mwanzo. Juu ya hayo, vitunguu vyake vimekaa siku nne bila maji wakati vinajaza, naye anaihesabu hasara hiyo. Wameacha kusalimiana. Jumamosi jioni kaka anafika kwako. "Ndugu yangu, wewe ulikuwepo siku ile. Kesho kutwa nakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nataka twende wote, ukaseme kwamba nilimwambia aangalie oili."

Nawe unakumbuka nini? Unakumbuka kaka akisema, "Nirudishieni Alhamisi, Ijumaa na mimi namwagilia." Unakumbuka akionyesha namna ya kukaza mpira wa kunyonyea ili usivute hewa. Habari ya oili hukuisikia. Lakini pia kuna dakika chache ulikwenda kufunga mipira kwenye baiskeli, na wale wawili wakabaki peke yao na pampu.

Maombi matatu ndani ya sentensi moja

Maneno ya kaka yanasikika kama ombi moja, lakini ndani yake mna maombi matatu, na kila moja lina jibu lake. Ukiyajibu kwa pamoja, utakosea hata kama nia yako ni njema.

La kwanza, anataka asikilizwe. Pampu yake imekufa, fedha zinatakiwa, na mtu aliyemtendea wema anamwita mwongo. Hili halina ubaya wowote. Msikilize mpaka amalize. Lugha yetu imetupa neno zuri kwa wakati kama huu, nalo ni "pole". Pole haisemi nani mkosaji. Unampa aliyefiwa, unampa anayetoka shambani na jembe begani, unampa hata mtu aliyejikwaa kwa uzembe wake mwenyewe. Kwa hiyo "pole sana, kaka, hasara hiyo ni kubwa" ni maneno unayoweza kumwambia leo, na kesho ukamwambia mwazimaji maneno yaleyale kuhusu vitunguu vyake, na usiwe umemsaliti yeyote.

La pili, anataka ushahidi. Ulikuwepo, uliona na kusikia mambo fulani. Hili huwezi kulikataa kabisa, kwa sababu ulichokiona si mali ya kaka wala si mali ya mwazimaji. Ukisema "mimi simo, msiniulize," huku unajua jambo linaloweza kumaliza ugomvi, utakuwa umewaacha waumane bure.

La tatu ndilo la kukataa. Anataka umuunge mkono: useme maneno aliyoyachagua yeye, usimame nyuma yake mbele ya mwenyekiti, na tangu leo uwe mtu wake. Ombi hili hujificha ndani ya lile la pili, ndiyo maana watu huteleza. Namna ya kulitambua ni rahisi. Shahidi huulizwa, "Ulisikia nini?" Mtu wa upande huambiwa, "Sema hivi."

Jibu litoke palepale

Kosa tunaloliona zaidi si la kusema vibaya, ni la kuchelewa kusema. Mtu anasikiliza saa nzima, anatikisa kichwa, anasema "mmh", "kweli", "wewe acha tu", akidhani anaonyesha heshima. Mgeni anapoondoka anaamini amekwisha kupata mtu. Kesho yake anamwambia mwenzake, "Hata fulani amekubali kwamba umekosea." Ukija kukataa siku ya tatu, utaonekana umegeuka, na pengine atasema umenunuliwa. Kukataa kulikochelewa kunauma kuliko kulikotolewa mapema, kwa sababu mwenzio alikuwa amekwisha kuutegemea msaada wako.

Kwa hiyo acha amalize, mpe pole, kisha useme kabla hajainuka. Kwa kuwa ni mkubwa wako, maneno yako yawe na adabu lakini yasiwe na mlango wa nyuma. Kwa mfano: "Kaka, nimekusikia, na hasara hii inaniuma hata mimi. Lakini naomba unielewe. Wewe ni kaka yangu, na yule ni ndugu yangu. Kwenye jambo hili siwezi kuwa upande wako wala upande wake. Mkiniita wote wawili nikaulizwa nilichokisikia, nitasema chote, cha kukufaa na kisichokufaa."

Tazama yaliyomo na yasiyokuwemo katika jibu hilo. Hakuna "nitaangalia", hakuna "tutaona kesho", hakuna "ningekusaidia, ila mke wangu hataki". Visingizio hivyo vinaonekana laini lakini vinamfundisha mwombaji kwamba akiondoa kizuizi utakubali, naye atarudi. Pia hakuna neno lolote juu ya nani ana haki. Wengine hukataa kisha wakaongeza, "ingawa kweli yule bwana hakufanya vizuri." Hayo maneno machache ya kumfariji ndiyo yatakayosafiri kijiji kizima, na lile la kukataa litabaki barazani kwako.

Anaweza kuuliza papo hapo: "Kwa hiyo unasema mimi mwongo?" Usianze kujitetea kwa maelezo marefu. "Hapana, kaka. Nasema tu kwamba nitasema nilichosikia na si zaidi." Akirudia, rudia maneno hayohayo. Ukibadilisha maneno kila mara unampa kitu kipya cha kukiuliza.

Na yule wa pili aambiwe hayohayo

Kutoshika upande kunakojulikana na mtu mmoja tu hakujakamilika. Mwazimaji ataona kaka ametoka kwako jioni, na kijijini macho hayalali. Usipomwambia chochote, atajijazia mwenyewe. Nenda kwake siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, umpe pole ya vitunguu, umwambie sentensi ileile: sipo upande wake, sipo upande wako, nikiitwa na wote nitasema nilichosikia.

Usimpelekee maneno ya kaka. Hapa pana mstari mwembamba. Kumwambia "kaka alikuja kwangu, nimemwambia sishiki upande" ni kumpa habari zako wewe. Kumwambia "kaka amesema wewe mzembe na hatakuazima tena kitu" ni kubeba kuni motoni, hata kama kila neno ni kweli. Akikuuliza, "Alisemaje juu yangu?", jibu ni kwamba yaliyosemwa kwako yanabaki kwako, na yake pia yatabaki. Hapo mara nyingi hukasirika kidogo. Lakini ndani ya moyo wake amejua pia kwamba siri yake iko salama.

Ulichosikia, na ambacho hukusikia

Sasa turudi kwenye ushahidi, maana ndipo penye kazi ngumu. Kumbukumbu haikai kama jiwe. Kadiri unavyoisikia hadithi ya kaka, ndivyo unavyoanza kuisikia sauti yake Jumatatu ile ikisema "angalia oili", ingawa hukuisikia. Hili humpata mtu mwaminifu kabisa. Dawa yake ni kuyaweka unayoyakumbuka mapema, kabla hujakaa na yeyote kwa muda mrefu. Yaandike kwenye simu yako kama ujumbe wa kujitumia mwenyewe, au kwenye daftari la nyumbani, pamoja na tarehe. Mistari minne inatosha.

Katika mfano wetu ingekuwa hivi: Jumatatu asubuhi nilikuwepo pampu ilipotolewa. Nilisikia "nirudishieni Alhamisi" na maelezo ya mpira wa kunyonyea. Sikusikia neno oili. Nilitoka dakika chache kufunga mipira kwenye baiskeli, na waliyoyasema wakati huo siyajui.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo watu huiacha. "Sikusikia" si sawa na "hakusema". Ukimwambia mwenyekiti "kaka hakusema habari ya oili", umeshika upande wa mwazimaji bila kujua. Ukisema "nadhani alisema", umeshika upande wa kaka. Ukisema "sikusikia, lakini kuna wakati sikuwepo", umesema kweli tupu, na kila mmoja atakuchukia kidogo, kwa kiasi sawa.

Ushahidi huo utolewe mahali ambapo wote wawili wapo. Ukiutoa kwa mmoja peke yake, ataondoka na kile kipande kinachomfaa. Kama jambo litafika mahakamani na ukala kiapo, ujue kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai katika sheria ya Tanzania, na anayeweza kushtakiwa ni wewe uliyesema, na hata rafiki aliyekushawishi. Inafaa kumkumbusha rafiki jambo hili kwa upole anapokusukuma, maana wengi hawajui kwamba wanamwomba mwenzao aingie kwenye hatari.

Kuna shahidi mwingine ambaye hasahau, naye ni pampu yenyewe. Injini nyingi za pampu za namna hii hutumia oili iliyo mbali na petroli, zaidi kidogo ya nusu lita, na ina kijiti chake cha kupimia. Fundi mzuri anaweza kuangalia kama oili iliyobaki ni nyeusi na nzito ya muda mrefu, kama kuna mahali panavuja, na kama injini ilikuwa imewekwa kwenye mteremko, maana ikilala upande oili nayo hukimbilia upande na vyuma vya ndani hukauka. Majibu hayo yanasaidia kuliko sauti yako. Ukiulizwa ushauri, unaweza kupendekeza fundi ambaye wote wawili wanamkubali aiangalie pampu mbele yao. Hapo hujashika upande, umewapa mahali pa kutazama pamoja badala ya kutazamana.

Simu inavyokuvuta ndani

Zamani mtu wa kukuomba uwe upande wake ilimlazimu aje kwa miguu. Siku hizi anakutumia sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp saa tatu usiku. Ukijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, ukimaanisha tu "nimepokea", yeye anasoma "nimekubali", na alama hiyo inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa mwenzake. Jibu kwa maneno: "Nimekusikiliza, pole. Tuonane uso kwa uso." Kisha usiendelee na jambo hilo kwa maandishi.

Usirushe sauti ya mmoja kwenda kwa mwingine, hata kama unadhani ukiirusha wataelewana. Na kama ugomvi umeingia kwenye kundi la simu la kikundi chenu cha kuweka na kukopa au cha umwagiliaji, usitoe maoni humo. Kama wewe ni kiongozi wa kundi hilo, andika mara moja tu kwamba jambo hili ni la watu wawili na litazungumzwa nje ya kundi. Watu arobaini wakishaandika nani mkosaji, hao wawili hawawezi tena kurudi nyuma bila aibu, hata wakitaka.

Siku za baridi

Tuseme wazi: ukikataa, utalipa gharama. Wiki mbili tatu kaka atakupita njiani kwa salamu fupi. Anaweza kukukumbusha wema wake. "Mama yako alipofariki, nani alilala matangani siku tatu? Nani alitoa gunia la mahindi?" Hili ndilo shinikizo gumu kuliko yote, kwa sababu ni kweli, na kwetu wema wa msibani hausahauliki. Lakini deni hilo linalipwa kwa namna yake. Unaweza kumjibu: "Kaka, lile sitalisahau mpaka nife. Ukiwa na msiba nitakuwa wa kwanza kufika, ukiumwa nitakubeba. Ila usiniombe nilipe kwa kumsemea mwenzangu nisichokisikia."

Baada ya hapo vitendo ndivyo vinavyosema. Kama ulikuwa ukipita kwa kaka kila Jumapili, endelea kupita. Kama ulikuwa ukinywa kahawa na mwazimaji, endelea. Anayepunguza kwenda kwa mmoja kwa kuogopa lawama za mwingine tayari ameshika upande kwa miguu yake. Mambo ya fedha ndiyo ya kupunguza kwa muda. Usiazime kitu kipya kwa kaka, usimkopeshe mwazimaji fedha za matengenezo kimyakimya, usipokee zawadi isiyo ya kawaida kutoka kwa yeyote. Kwa siku za kawaida hayo si kitu. Katikati ya ugomvi kila kimoja kina tafsiri.

Na nyumbani kwako pia pana watu. Ikiwa wewe umekataa kushika upande na mwenzi wako anamsema mwazimaji kisimani au kilabuni, maneno yake yatahesabiwa kuwa yako. Zungumzeni mapema.

Wahenga wanasema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, na wakipatana uchukue kapu ukavune. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye hakuwepo na hajui lolote. Ila kwa aliyekuwepo haujitoshelezi, kwa kuwa kuna siku ataitwa atoke shambani aje aseme.

Nani basi awaamulie?

Kukataa kwako kunakuwa na faida zaidi ukiweza kuonyesha mahali pa kwenda. Si lazima mpatanishi awe wewe. Mara nyingi haifai uwe wewe, kwa sababu shahidi akigeuka mpatanishi, anakuwa anapima maneno yake mwenyewe.

Palipo na utani, watani wana ruhusa ambayo rafiki hana. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wachaga na Wapare nao wanataniana. Mtani anaweza kuingia kwa kaka akicheka, akasema, "Yaani pampu ya kunywesha vitunguu ndiyo inawanyima salamu?" na asichukiwe, maana desturi imempa kinga hiyo. Rafiki akisema maneno hayohayo, ni tusi. Kama wote wawili wana mtani wanayemheshimu, huyo ni mtu wa kutajwa.

Wazee wa ukoo, sheikh, padri au mchungaji, na mwenyekiti wa kitongoji ni hatua inayojulikana na wengi. Juu yao lipo Baraza la Kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, ambalo kazi yake ya kwanza ni kujaribu kusuluhisha. Ugomvi ukiwa wa mpaka wa shamba, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Nalo husuluhisha, halimlazimishi mtu. Tunayataja mabaraza haya kwa sababu moja: ukimwambia rafiki "mimi sishiki upande, lakini mkienda kwa mwenyekiti pamoja nitakuja," umemkatalia jambo moja na kumpa jingine.

Pasipofaa kukaa kati

Yote tuliyosema ni ya ugomvi wa watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana, kuhusu mali, maneno au heshima. Hayafai pale mmoja anapopigwa, anapotishiwa maisha, au mtoto anapodhurika. Mwanamke akikimbilia kwako usiku na jeraha, "mimi ni rafiki wa wote wawili" ni kumrudisha kwenye kipigo. Hapo anayehitaji usalama hupewa usalama kwanza. Katika vituo vingi vya polisi Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa habari za mtoto kuna namba ya simu 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Hayafai pia pale fedha za kikundi zinapopotea na wewe ni mweka hazina au mjumbe wa kamati. Cheo hicho kinakudai uamue kwa kufuata katiba ya kikundi. Kunyamaza kwa jina la urafiki ni kuacha kazi uliyopewa. Jambo la kujiuliza ni hili: nikikaa kati, kuna mtu asiye na nguvu atakayeumia zaidi? Kama yupo, toka hapo katikati.

Siku ya mwenyekiti

Katika mfano wetu, kaka alikwenda kwa mwenyekiti bila wewe, na mwenyekiti akawaita wote watatu Jumatano jioni. Uliulizwa, ukasema mistari yako minne kama ulivyoiandika, pamoja na ile ya kutoka kwenda kwenye baiskeli. Kaka alikunja uso. Mwazimaji naye alitaka uongeze kwamba oili ilikuwa imepungua, ukasema kijiti hukukiona kikichomolewa, na ni kweli.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kushinda kwa maneno yako, ilibidi wazungumze. Fundi waliyemkubali wote alisema oili iliyobaki ilikuwa ya zamani sana, na pia kwamba pampu iliwekwa kwenye ukingo ulioinama. Hivyo kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Katika ile 180,000, mwazimaji alikubali kutoa 100,000, nusu mwisho wa mwezi na nusu akishauza vitunguu. Kaka alibeba 80,000 na akakubali kwamba siku nyingine pampu haitoki kabla kijiti hakijachomolewa mbele ya watu wote wawili. Mwenyekiti aliandika kwenye karatasi moja, wakatia saini, kila mmoja akapewa nakala.

Wewe ulitia saini kama shahidi, chini kabisa. Salamu za kaka zilibaki fupi mpaka wiki iliyofuata, alipokuja asubuhi kuomba umsaidie kuibeba pampu kuitoa kwa fundi. Upande wa pili wa pampu, ameishika mwazimaji.